Kurudia KCSE: Hakuna Kikomo cha Majaribio, Lakini Alama za Miaka Miwili Haziunganishwi

Kila Januari, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, swali moja huzunguka katika nyumba nyingi za Munje, Msambweni na Diani: je, aliyekosa alama anazozitaka anaweza kurudia, na akirudia, alama zake za kwanza zitakwenda wapi?

Swali hilo hujibiwa kwa njia nyingi barazani. Wapo wanaosema mtu hurudia mara moja tu. Wapo wanaoamini kwamba ukirudia, cheti cha kwanza hufutwa. Na wapo wanaomshauri kijana arudie somo moja tu alilofeli, kisha aliongeze kwenye cheti chake cha zamani. Ushauri huu wa tatu ndio unaowagharimu watu zaidi, kwa sababu una sehemu ya ukweli. Ni kweli kwamba mtu anaweza kurudia somo moja. Sivyo kwamba somo hilo litaingia kwenye cheti cha zamani.

Makala hii inaeleza utaratibu wa kurudia mtihani wa KCSE. Mtihani huu husimamiwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, ambalo ni chombo cha Serikali ya Kitaifa. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya mafunzo ya ufundi. Kwa hiyo Serikali ya Kaunti ya Kwale haisajili watahiniwa wa KCSE, na hakuna afisi ya kaunti inayopokea ada ya mtihani huo. Mkazi anayeambiwa alipe ada hiyo kwa mtu anayedai kuwakilisha kaunti asilipe.

Nani anaruhusiwa kurudia, na mara ngapi

Yeyote aliyewahi kufanya KCSE anaweza kuifanya tena. Hakuna idadi ya majaribio iliyowekwa, na hakuna umri wa juu. Aliyefanya mtihani mwaka jana na aliyeufanya miaka kumi na mitano iliyopita wote wanaruhusiwa.

Kurudia kunafanyika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kurudi shuleni, kukaa darasani na wanafunzi wa Kidato cha Nne na kusajiliwa na shule hiyo. Ya pili ni kujisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, yaani mtu anayejisomea mwenyewe au katika kituo cha masomo, kisha anafanya mtihani katika kituo kilichoidhinishwa kupokea watahiniwa wa aina hiyo.

Tofauti kubwa kwa mfuko wa mzazi ni ada. Serikali ya Kitaifa huwalipia ada ya mtihani wanafunzi wa shule wanaofanya KCSE kwa mara ya kwanza. Anayerudia hujilipia mwenyewe. Mtahiniwa wa kibinafsi hulipa ada ya msingi na juu yake ada ya kila somo, kwa viwango ambavyo KNEC huvichapisha kwenye waraka wa usajili wa mwaka husika. Kiasi hicho kisomwe kwenye waraka wenyewe, si kwa kuambiwa njiani.

Kuna kundi moja ambalo mlango unaweza kufungwa kwake. Mtahiniwa ambaye matokeo yake yamewekwa alama Y ni yule aliyehusishwa na udanganyifu. Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 inaruhusu anayepatikana na hatia ya makosa ya mtihani kuadhibiwa, na pia kuzuiwa kufanya mtihani kwa muda. Huyo anapaswa kupata msimamo wake kutoka KNEC kabla ya kulipa chochote. Alama X ni jambo tofauti: maana yake ni kwamba mtahiniwa hakufika kwenye mtihani. Mwenye X anaweza kujisajili tena kama mtu mwingine yeyote.

Muda wa kusubiri ni mfupi kuliko unavyodhaniwa

KNEC haimwambii mtu akae nje mwaka mmoja au miwili kabla ya kurudia. Anayesubiri anasubiri kalenda tu. Mtihani mkuu hufanyika mwishoni mwa mwaka, na aliyekosa alama mwaka huu anaweza kuingia tena mwaka unaofuata.

Ugumu uko kwenye usajili. Matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa tarehe 9 Januari 2025. Usajili wa watahiniwa wa mwaka huo nao hufunguliwa katika miezi ya kwanza ya mwaka, na ukifungwa hausubiri mtu. Kwa hiyo kati ya siku ya matokeo na siku ya mwisho ya usajili, familia huwa na wiki chache tu za kuamua, kutafuta pesa na kukusanya karatasi. Anayesema atafikiria baada ya Ramadhani au baada ya msimu wa kusi kuanza, mara nyingi hupata usajili umefungwa na akapoteza mwaka mzima.

KNEC pia imetangaza msimu wa pili wa KCSE, wa mwezi wa Julai, kuanzia mwaka 2026, unaowalenga watu wazima na wanaorudia. Msimu huo unapunguza muda wa kusubiri, lakini una usajili wake na tarehe zake. Aliyesajiliwa kwa msimu mmoja asidhani amesajiliwa kwa mwingine.

Kuna na jambo jingine la kalenda ambalo wengi hawajalitia maanani. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanyika mwaka 2023. Watoto waliofanya mtihani huo waliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024, na watafika KCSE mwaka 2027. Hilo ndilo darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 katika shule za sekondari. Baada yao, shule zitakuwa na wanafunzi wa mtaala mpya wa umilisi. Anayetaka kurudia akiwa darasani, pamoja na walimu wanaofundisha mtaala anaoujua, ana nafasi chache zilizobaki. Sheria haina kikomo cha majaribio, lakini kalenda inacho.

Alama za zamani hazifutwi, na wala haziunganishwi

Hapa ndipo pa kusoma kwa makini.

Kila anayefanya KCSE hupewa nambari yake ya mtihani, ambayo ina tarakimu kumi na moja. Tarakimu nane za mwanzo ni za kituo, na tatu za mwisho ni za mtahiniwa. Anayerudia hupewa nambari mpya, na matokeo yake huandikwa chini ya nambari hiyo mpya na mwaka huo mpya. Matokeo ya zamani hubaki chini ya nambari ya zamani. KNEC haiyafuti, na haiyachanganyi na mapya.

Maana yake ni mbili. Kwanza, aliyerudia akapata alama za chini kuliko za awali hajapoteza cheti chake cha kwanza. Bado ni halali, na anaweza kukitumia. Pili, aliyepata alama nzuri zaidi katika somo moja hawezi kuomba alama hiyo ihamishiwe kwenye cheti cha kwanza ili wastani wake upande.

Ndani ya somo moja pia hakuna kinachohifadhiwa. Kemia na Biolojia zina karatasi tatu kila moja, na ya tatu ni ya vitendo katika maabara. Anayerudia Kemia hufanya karatasi zote tatu upya, hata kama mara ya kwanza alifanya vizuri maabara akaangushwa na karatasi za nadharia.

Na ili mtu apewe gredi ya wastani, lazima afanye masomo yasiyopungua saba: Hisabati, Kiingereza na Kiswahili, sayansi zisizopungua mbili, na angalau somo moja la jamii kama Historia, Jiografia au Dini. Aliyefanya masomo mawili hupewa alama za masomo hayo mawili tu. Hapati wastani.

Mfano wa mtahiniwa wa Munje

Ili jambo hili lieleweke, chukulia msichana wa Munje ambaye anataka kusomea stashahada ya uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, ambacho kina kampasi Msambweni. Huyu si mtu halisi, ila hesabu yake ni ya kweli.

Mara ya kwanza alifanya masomo manane. Alipata B katika Dini ya Kiislamu, B- katika Kiswahili, C+ katika Historia, C katika Biashara, C- katika Kiingereza, C- katika Biolojia, D+ katika Kemia na D katika Hisabati.

Kila gredi ina pointi zake. A ni 12, A- ni 11, na kuendelea kushuka moja moja hadi E ambayo ni 1. Tangu KCSE ya 2023, wastani huhesabiwa kwa kuchukua Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano yaliyo bora. Kwake yeye, Hisabati ni 3 na Kiswahili ni 8. Matano mengine ni Dini 9, Historia 7, Biashara 6, Kiingereza 5 na Biolojia 5, ambayo jumla ni 32. Zote pamoja ni 43 kati ya 84. Pointi 39 hadi 45 ni C. Kwa hiyo wastani wake ni C.

Masharti ya stashahada ya uuguzi ambayo KMTC imekuwa ikiyatumia ni wastani wa C, C katika Biolojia, C katika Kiingereza au Kiswahili, na C- katika somo moja kati ya Kemia, Hisabati na Fizikia. Msichana huyu ana wastani, na Kiswahili chake kinatosha. Kinachomzuia ni gredi moja katika Biolojia na gredi moja katika Kemia.

Jibu linaloonekana rahisi ni arudie masomo hayo mawili tu. Ada ni ndogo, na muda wa kusoma unatosha. Tuseme amefanya hivyo na kufaulu: Biolojia C, Kemia C-. Sasa ana karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ina wastani wa C lakini Biolojia ni C-. Ya pili ina Biolojia C lakini haina wastani wowote.

Anapoketi kwenye kompyuta kuomba nafasi ndipo anapokwama. Maombi ya KMTC katika miaka ya karibuni yamekuwa yakipitia KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni. Kwenye tovuti yake, students.kuccps.net, mwombaji huingia kwa nambari moja ya mtihani na mwaka mmoja wa KCSE. Akiingia kwa nambari ya kwanza, mfumo unaona Biolojia ya C-. Akiingia kwa nambari ya pili, mfumo hauoni wastani. Hakuna mahali pa kuandika nambari zote mbili.

Sasa tuseme badala yake amejisajili kwa masomo saba, akaiacha Biashara. Amepata B- katika Dini, C+ katika Kiswahili, C katika Historia, C katika Biolojia, C- katika Kemia, C- katika Kiingereza na D+ katika Hisabati. Hisabati ni 4 na Kiswahili ni 7. Matano mengine ni 8, 6, 6, 5 na 5, ambayo ni 30. Jumla ni 41, yaani C.

Ukiangalia jumla, ameshuka pointi mbili. Kiswahili kimeshuka, Dini imeshuka, Historia imeshuka. Jirani anaweza kusema amerudi nyuma. Lakini cheti hiki cha pili, peke yake, kina wastani wa C, Biolojia C, Kiswahili juu ya C na Kemia C-. Cha kwanza chenye pointi 43 kilimfungia mlango, na cha pili chenye pointi 41 kinamtimizia masharti yote.

Na kama angeshuka hadi pointi 38, ambayo ni C-? Angekuwa amepoteza ada na mwaka wa kusoma. Cheti chake cha kwanza chenye wastani wa C kingebaki vilevile.

Wakati ambapo somo moja linatosha

Kurudia somo moja au mawili si kosa kila mara. Wapo waajiri na vyuo ambavyo hupokea maombi moja kwa moja na kukubali cheti kikuu pamoja na karatasi ya pili ya somo lililorudiwa. Wapo pia ambao hawakubali. Uamuzi huo ni wa chuo au mwajiri, si wa KNEC. Kwa hiyo anayefikiria njia hii aandikie chuo anachokitaka, aulize kama kinapokea matokeo ya miaka miwili tofauti, na asubiri jibu la maandishi kabla ya kulipa ada. Jibu la simu halitamsaidia siku ya kuwasilisha maombi.

Kanuni fupi ni hii: anayehitaji wastani mpya, au anayeomba kupitia KUCCPS, afanye masomo saba. Anayehitaji gredi ya somo moja tu, na ana barua ya chuo kwamba itakubaliwa, anaweza kufanya moja.

Hatua za usajili, na mahali watu wanapokosea

Mtahiniwa wa kibinafsi wa Msambweni aanze katika afisi ya Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo, aulize ni vituo gani vimeidhinishwa mwaka huo kupokea watahiniwa wa kibinafsi. Usajili wenyewe hufanywa na kituo kwenye mfumo wa KNEC mtandaoni. Aende na cheti au hati ya matokeo ya kwanza, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na nambari yake ya zamani ya mtihani pamoja na mwaka.

Kosa la kwanza ni majina. Aliyefanya mtihani kama Mwanamisi Juma akajisajili mara ya pili kwa jina la mume au kwa mpangilio mwingine wa majina atakuwa na vyeti viwili vinavyoonekana kama vya watu wawili. Majina yafuate cheti cha kwanza, herufi kwa herufi.

Kosa la pili ni maabara. Si kila kituo kinachopokea watahiniwa wa kibinafsi kina nafasi ya kufanyia vitendo vya sayansi. Anayerudia Kemia au Biolojia aulize kabla ya kujisajili karatasi ya tatu itafanyiwa wapi, na kama kituo kinatoza gharama ya vifaa vya maabara mbali na ada ya KNEC.

Kosa la tatu ni vitabu. Vitabu teule vya fasihi hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Aliyemaliza shule akisoma Chozi la Heri na Kigogo atakuta watahiniwa wa sasa wanasoma Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha. Kurudia Kiswahili au Kiingereza kwa kutegemea daftari za zamani ni kujiandalia maswali ambayo hayatakuja.

Kosa la nne ni kuondoka bila kuhakikisha. Baada ya kusajiliwa, mtahiniwa aombe kuona orodha iliyochapishwa kutoka kwenye mfumo, akague jina lake na kila somo, ndipo atie sahihi. Stakabadhi ya malipo si ushahidi kwamba masomo saba yameingizwa. Aliyelipia saba na kuingizwa sita atakuja kugundua Januari, wakati hana wastani.

Mwisho, anayeamini kwamba karatasi yake haikusahihishwa ipasavyo ana njia nyingine kabla ya kurudia. Shule yake inaweza kuomba KNEC isahihishe upya kwa malipo, ndani ya mwezi mmoja tangu matokeo kutangazwa. Muda huo hukimbia sambamba na muda wa usajili, kwa hiyo anayeomba kusahihishiwa asiache kuulizia tarehe ya mwisho ya kujisajili.

Waraka wa usajili wa kila mwaka hupatikana katika tovuti ya KNEC na katika afisi za elimu za kaunti ndogo. Kwa watahiniwa wa Munje, afisi iliyo karibu iko Msambweni.